Weusi huja mwisho: niliyojifunza kwa mgonjwa wa kisukari aliyeingiliwa na fangasi wa pua

Wengi wetu habari za fangasi weusi tulizisikia mwaka 2021, India ilipozidiwa na UVIKO-19. Kufikia mwisho wa Juni mwaka huo, nchi hiyo ilikuwa imeshahesabu wagonjwa zaidi ya 40,000 wa ugonjwa huu, wengi wao watu wenye kisukari waliokuwa wametibiwa kwa steroidi, dawa za kupunguza uvimbe. Picha zilizungushwa kwenye simu, nyuso zilizooza, na kilichobaki vichwani mwa watu ni rangi ile. Mimi ni muuguzi wa wodi ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa hapa Tanzania, na nimeona jinsi rangi hiyo inavyowachelewesha watu. Wanaisubiri. Ndugu huniambia, "Sista, lakini hakuwa na weusi wowote usoni." Weusi ni nyama ambayo imeshakufa. Ukiuona, fangasi wameshapita hapo na wako mbele.

Kitaalamu ugonjwa wenyewe huitwa mukomaikosisi. Fangasi wanaousababisha wapo kila mahali: kwenye udongo, samadi, majani yanayooza, hata mkate uliokaa ukaota ukungu. Mbegu zao tunazivuta puani kila siku na hazitudhuru, wala mgonjwa hawezi kumwambukiza mwenzake. Wanahitaji mwili uliolegezwa kinga, na hakuna kinacholegeza kama sukari iliyopanda mpaka damu ikawa na asidi, pamoja na steroidi juu yake.

Huyu ninayemsimulia, ambaye nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mzee wa miaka hamsini na kitu. Kisukari alikuwa nacho muda mrefu. Vidonge vyake alikuwa ameviacha baada ya kuambiwa kwamba kuna unga wa mitishamba unaomaliza kisukari moja kwa moja. Lakini mwaka ule shida yake kubwa aliiona kuwa ni mgongo na magoti. Duka la dawa la jirani lilikuwa likimuuzia prednisoloni, steroidi ya vile vidonge vidogo vya bei ndogo, naye akavimeza kwa miezi kama minane bila mtu kumpima sukari. Maumivu yalikwisha, akanenepa uso, watu wakamsifu kwamba afya imerudi.

Niseme hapa kwamba si wagonjwa wa viungo peke yao. Akina dada wanaomeza vidonge vya kunenepa, mara nyingi wanameza deksamethasoni, ambayo ni steroidi yenye nguvu zaidi. Wapo wanaopakiwa dawa kwenye kijikaratasi kisicho na jina kwa ajili ya pumu au mzio wa ngozi. Mtu akija kwetu na uso umevimba, siku hizi swali langu la kwanza si "Unatumia dawa gani?" Namwomba ndugu alete kila kidonge kilichopo nyumbani, hata vile visivyo na boksi. Mzee yule alipoulizwa alijibu kwamba hatumii dawa yoyote, na hakuwa anadanganya. Kwake dawa ni zile za hospitali. Mkewe ndiye aliyetoa vile vidonge kwenye pochi, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Ugonjwa ulianza kama jino. Shavu la kulia liliuma, meno ya juu upande ule yakawa kama yamelegea, akaenda kung'olewa moja. Kidonda hakikupona. Akaambiwa ana sainasi, akapewa antibayotiki, na pamoja nayo sindano ya steroidi ya kupunguza uvimbe. Siku mbili tatu alijisikia nafuu. Hiyo nafuu ni ya kuogopwa, maana steroidi hushusha homa na maumivu wakati fangasi wanaendelea kula.

Kisha ikaja ganzi. Mkewe alinieleza jambo ambalo nimelishika tangu siku ile: mzee alikuwa akinyoa ndevu, akajikata shavuni na hakusikia. Neva inayopeleka hisia kwenye shavu hupita chini ya jicho, kwenye ukuta wa sainasi, yaani uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, na fangasi hawa hufuata mishipa ya damu na neva. Sainasi ya kawaida inauma. Haitii shavu ganzi. Mtu mwenye kisukari au anayetumia steroidi akikwambia shavu la upande mmoja limekufa ganzi, au jino lililokuwa zima limelegea ghafla, au anaona vitu viwiviwili, au kope moja imeanguka, huyo apelekwe hospitali yenye daktari wa pua usiku uleule, hata kama puani hakuna weusi wowote.

Alipofika kwetu ilikuwa jioni. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Glukomita ilisoma sukari 27. Mkojo ulijaa ketoni, dalili ya asidi kwenye damu. Kope ya kulia ilikuwa imeshuka nusu na jicho limesukumwa mbele kidogo, lakini vidole alivihesabu vizuri. Daktari wa pua aliingiza kamera puani na kukuta kwenye nyama ya ndani ya pua, upande wa kulia, sehemu ya kijivu na katikati yake gamba jeusi dogo lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Akaligusa kwa kifaa chenye ncha. Halikutoka damu, na mzee hakushtuka. Nyama ya pua iliyo hai ukiigusa hivyo, inavuja damu na mgonjwa anaruka. Akakata kipande pale pale kitandani.

Kipande kile kiligawanywa. Sehemu moja ilitiwa kwenye fomalini kwa ajili ya patholojia. Nyingine ilipelekwa maabara ikiwa mbichi, kwenye maji ya chumvi safi, kwa sababu fangasi waliolowekwa kwenye fomalini hawaoti tena. Mtaalamu wa maabara hakuisaga. Fangasi hawa ni kama mirija mipana isiyo na kuta za kutosha ndani, na ukiisaga nyama unawapasua na kuwaua, kisha unapata jibu kwamba hakuna kilichoota. Aliikatakata tu, akaidondoshea dawa ya potasi inayoyeyusha nyama na kuacha fangasi, akaangalia kwenye hadubini. Kabla ya saa sita usiku akapiga simu wodini: nyuzi pana, zimejikunja kama utepe, zinatoa matawi yanayokaribia pembe mraba. Majibu ya kuotesha yangechukua siku, na mara nyingi hayaoti kabisa. Hatukuyasubiri.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kwa nini madaktari husema mambo matatu huanza pamoja: sukari, dawa na kisu. Ukiyapanga foleni unampoteza mgonjwa. Sababu ni namna fangasi hawa wanavyoua. Wanaingia ndani ya mishipa ya damu na kuiziba. Nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule inakufa, na kwa kuwa damu haifiki tena, dawa unayomtundikia mkononi nayo haifiki. Ndani ya nyama ile iliyokufa fangasi wanaishi salama. Kwa hiyo dawa bila kisu inazunguka mwilini na kuwakosa. Kisu bila dawa kinaondoa kilichokufa huku fangasi wakiendelea kwenye mishipa iliyobaki. Na vyote viwili bila kushusha asidi ni kupoteza nguvu, kwa sababu damu yenye asidi huachia madini ya chuma ambayo kwa kawaida yamefungwa kwenye protini, na fangasi hawa wanayahitaji madini hayo mno ili wakue. Chembe nyeupe za damu nazo, kwenye sukari ya namna ile, hazikimbilii adui inavyopaswa.

Tulianza na maji. Dripu ya chumvi ilikwenda kwa kasi kwenye mkono wa kushoto, damu ikachukuliwa kupima potasiamu kabla ya insulini yoyote, maana insulini husukuma potasiamu ndani ya chembe na iliyobaki kwenye damu inaweza kushuka mpaka moyo ukayumba. Ilikuwa 3.6, chini kidogo lakini inaruhusu. Alikuwa na kilo 60, hivyo insulini ilianza kwa yuniti 6 kwa saa, na potasiamu ikawekwa kwenye dripu. Nilipima sukari kila saa.

Dawa ya fangasi ni amfoterisini B. Flukonazoli, ambayo watu wengi wanaijua na ipo kila duka, haiwafanyi chochote fangasi hawa, na nimeshapokea wagonjwa waliopoteza wiki nzima wakiimeza. Amfoterisini iko ya aina zaidi ya moja. Ile ya mafuta, yaani liposomali, ndiyo inayopendekezwa, miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, na ikifika ubongoni hupandishwa hadi 10. Ile ya zamani ni kali kwa figo, lakini ndiyo iliyokuwa kwenye friji yetu, kwa sababu hospitali nyingi huiweka kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa VVU. Daktari hakutaka kusubiri nyingine. Aliandika miligramu 60, dozi kamili tangu siku ya kwanza, bila kupanda kidogo kidogo.

Hapa pana jambo ambalo kila muuguzi anayeshika dawa hii alijue. Amfoterisini haichanganywi na maji ya chumvi. Ukiichanganya, inaganda chembechembe na haifai tena. Huchanganywa kwenye dekstrosi ya asilimia 5 peke yake, na hata kanyula husukumwa kwa dekstrosi kabla na baada. Miligramu 60 zilihitaji mililita 600, na ndani ya mililita hizo kuna gramu 30 za sukari. Mke wa mzee aliona chupa imeandikwa dekstrosi akasimama kitandani akasema, "Sista, mume wangu anakufa kwa sukari na nyie mnamtundikia sukari?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimweleza kwamba dawa haina gari lingine la kupanda, na kwamba sukari ile tumeshaihesabu, insulini inaongezwa kwa ajili yake. Wodi nyingine nimesikia dripu ile ilifungwa na ndugu kwa hofu hiyohiyo wakati muuguzi ametoka. Sasa situndiki kabla ya kuwaeleza.

Dripu ile ilikwenda kwa saa tano mkono wa kulia, peke yake. Kabla yake alipewa parasetamoli na klorofenamini, na chumvi mililita 500 kwa mkono wa pili ili kulinda figo. Hata hivyo alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Hilo ni la kawaida kwa ile ya zamani, huja saa ya kwanza au ya pili, na pethidini kidogo huituliza. Ukisimamisha dawa kila akitetemeka, hatamaliza dozi.

Asubuhi asidi ilikuwa inashuka na sukari imefika 13, tumeshaongeza dekstrosi kwenye dripu ya insulini ili asishuke mno. Jioni hiyo aliingia chumba cha upasuaji. Picha ya CT scan ilikuwa imeonyesha sainasi za kulia zimejaa, mfupa wa kaakaa umeliwa, na mafuta ya pembeni mwa jicho yamevimba lakini nyuma ya jicho bado pasafi. Daktari wa ganzi alitaka sukari iteremke zaidi kwanza. Daktari wa pua akamjibu kwamba sukari haitatulia maadamu nyama iliyooza ingali mwilini, na huo ndio ukweli nilioushuhudia baadaye: mahitaji yake ya insulini yalishuka karibu nusu baada ya upasuaji wa pili.

Kipimo chao mezani ni damu. Wanakata mpaka ukingo uvuje damu nyekundu. Waliondoa nyama za ndani ya pua, wakafungua sainasi, wakatoa kipande cha kaakaa na meno manne. Jicho waliliacha, kwa kuwa lilikuwa linaona na uvimbe ulikuwa pembeni. Si kila mtu hupata bahati hiyo. Jicho likishakufa na fangasi wakielekea nyuma, hutolewa lote ili kuwafungia njia ya ubongo, na familia huombwa kuamua ndani ya saa chache. Siku ya tatu walirudi kukagua, wakakuta ukingo mmoja umegeuka kijivu, wakaukata tena. Ndugu walidhani upasuaji wa kwanza ulikosewa. Haukukosewa. Kurudi ni sehemu ya tiba, na ni vizuri familia iambiwe kabla ya kusaini fomu ya kwanza.

Kulikuwa na suala la prednisoloni pia. Mtoto wake mkubwa alisema, kwa hasira, dawa hiyo isimguse tena baba yake hata chembe. Lakini mwili uliozoea steroidi miezi minane umeacha kutengeneza yake. Ukiikata ghafla siku ya upasuaji, presha inaanguka na mgonjwa anakufa kwa sababu nyingine kabisa. Alipewa haidrokotisoni kiasi cha kumvusha kwenye upasuaji, kisha ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaisha. Sukari ilipanda kidogo kwa ajili yake, insulini ikafuata.

Siku ya tano alilalamika kwamba miguu haina nguvu, hawezi kuinua kisigino. Potasiamu ilikuwa 2.7. Insulini inaishusha, amfoterisini inaimwaga kupitia figo, na mgonjwa aliyekatwa kaakaa hawezi kula vya kutosha. Tuliirudisha kwa dripu, taratibu, kamwe si kwa kusukuma kwa sindano, lakini haikupanda mpaka magnesiamu nayo ilipoongezwa. Tangu hapo, kwa mgonjwa yeyote wa dawa hii, sikubali zamu ipite bila kuuliza potasiamu, magnesiamu na kreatinini, kile kipimo cha figo, za leo ni ngapi. Kreatinini yake ilikuwa 88 alipoingia. Wiki ya pili ilifika 190, na hapo daktari akasema ile ya zamani basi.

Liposomali kwa kilo zake ni vichupa sita vya miligramu 50 kila siku. Sitaitaja bei, inabadilika, lakini ilitosha kumaliza mtaji wa vitenge na kumfanya mdogo wake aliyeko Maskati atume alichokuwa anajengea nyumba. Nilikaa na mke wake tukahesabu kwenye karatasi, vichupa kwa siku. Walipata ya wiki tatu. Wakati huo vidonda vilikuwa vimebaki vyekundu mfululizo na kamera haikuona kijivu tena, akahamishiwa vidonge vya posakonazoli, miligramu 300 mara mbili siku ya kwanza, kisha 300 mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Alivimeza kwa miezi mitatu.

Kazi ya kila siku wodini ilikuwa ndogo kuonekana lakini ndiyo iliyokuwa inatupa habari. Tulisafisha pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, tukatoa magamba, tukamulika ukingo kwa tochi. Chakula kilirudi kupitia puani na sauti ilitoka kama mtu anayeongea ndani ya kopo, mpaka fundi wa meno wa hospitali alipomtengenezea kizibo cha plastiki cha kufunga tundu la kaakaa. Alipokivaa mara ya kwanza alimwita mkewe kwa jina, akasikika, na mama yule akacheka mpaka akalia.

Kope ya kulia haikuinuka yote. Ganzi ya shavu ipo. Anachoma insulini mara mbili kwa siku, na wakati steroidi ilipokuwa ikipunguzwa tulimwandikia kwenye daftari lake apime pia saa kumi jioni. Tulijifunza kwa mazoea kwamba steroidi ya asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, na mtu akipima alfajiri tu anaweza kuona 6 au 7 akaamini yuko salama, wakati saa kumi ana 18. Magoti yake bado yanamsumbua. Sasa anatibiwa kwa mazoezi na parasetamoli, na kwenye jalada la faili lake la kliniki, kwa kalamu nyekundu, daktari ameandika kwamba asipewe steroidi ya aina yoyote, ya kumeza wala ya kuchoma, kabla hajapimwa sukari na kabla kliniki ya kisukari haijaulizwa. Mkewe amepiga picha ukurasa huo na anatembea nao kwenye simu.